Kumbukumbu za Mkutano wa Baraza la Parokia, Nakuru, Jumapili, 9 Machi 2025

Mkutano ulianza saa sita na robo mchana katika ukumbi wa parokia. Walihudhuria wajumbe 14 kati ya 17, wakiwemo Padre Paroko, Mwenyekiti Bw. Josphat Kamau, Mweka Hazina Bi. Agnes Nekesa, Katekista Simon Rotich na Katibu Bi. Rose Atieno. Watatu walitoa udhuru.

Kumb. 1/3/2025: Ufunguzi
Katekista aliongoza sala. Kumbukumbu za 9 Februari zilisomwa na kuthibitishwa.

Kumb. 2/3/2025: Kukodisha ukumbi kwa wasio waumini wa parokia
Mweka Hazina alieleza kwamba paa linavuja pande mbili, akawapitishia wajumbe kipande cha bati kilicholiwa na kutu hata kidole kikapenya. Fundi amekadiria shilingi 186,000, ilhali mfuko wa ujenzi una shilingi 71,400. Alipendekeza ukumbi ukodishwe kwa shilingi 8,000 kwa siku.

Waliounga mkono walisema kwamba jumuiya ndogo ndogo zimechangishwa mara nyingi na familia nyingi zimelemewa na karo. Waliopinga walisema kwamba ukumbi ulijengwa kwa jasho la waumini, na kwamba mlango ukishafunguliwa itakuwa vigumu kuwakatalia wanasiasa na wenye kuleta pombe. Mzee Peter Cheruiyot aliomba iandikwe kwamba yeye ni miongoni mwa waliobeba mawe ya msingi.

Wajumbe wanane waliunga mkono, wanne walipinga, na mmoja hakuegemea upande wowote. Paroko hakupiga kura. Paroko alikumbusha kwamba, kwa Kanuni ya 536 ya Sheria za Kanisa, kura ya baraza ni ya ushauri, kisha akaridhia ukumbi ukodishwe kwa majaribio kuanzia 1 Mei hadi 31 Oktoba 2025, bila mikutano ya siasa wala pombe. Mzee Cheruiyot na Bi. Lucy Wambui waliomba upinzani wao uandikwe kwa majina. Kwa kuwa maneno yalikuwa makali, Katibu aliwasomea wajumbe hoja za pande zote mbili kabla ya kuendelea, na kila upande ukakubali kwamba hoja zake zimeandikwa sawasawa.

Kumb. 3/3/2025: Njia ya Msalaba
Itafanyika kila Ijumaa ya Kwaresima saa kumi na moja jioni.

Kumb. 4/3/2025: Hatua za kuchukuliwa
Bi. Wambui, ambaye alikubali jukumu hili ijapokuwa alipinga, ataandika masharti ya ukodishaji pamoja na Bw. Kamau kufikia 23 Machi.
Bi. Nekesa ataleta makadirio ya mafundi wengine wawili kufikia 30 Machi.
Katekista Rotich atawaeleza viongozi wa jumuiya uamuzi huu, pamoja na hoja za waliopinga, kufikia 16 Machi.

Kwa kuwa 13 Aprili ni Jumapili ya Matawi, kikao kijacho kitakuwa 6 Aprili. Mkutano ulifungwa kwa sala saa nane na dakika kumi.

Imeandikwa na Rose Atieno, Katibu.