Hoja ya koki imepokelewa mara nne

Mimi ni katibu wa baraza la wanafunzi katika shule yetu ya bweni. Niko kidato cha sita, na kabla sijamkabidhi mwenzangu daftari la mihtasari nimelisoma lote. Hoja zetu zimejibiwa kwa namna mbili tu: "imepokelewa" na "itafanyiwa kazi".

Hoja ya maji bweni la wasichana imepokelewa mara nne. Tuko 120, koki mbili, na maji yanafungwa saa 12:30 asubuhi. Aliyekosa maji huchelewa mstarini, na aliyechelewa hufagia uwanja. Anayemsimamia afagie ni kiranja, yaani mjumbe wa baraza lile lile lililoomba koki ya tatu.

Sisi tunagonga kengele, tunasimamia prepo, tunaandika majina ya wapiga kelele. Lazima awepo wa kugonga kengele, sikatai. Lakini kama hatuna kazi nyingine, wenzetu wakituita askari tusinune. Hata uchaguzi wetu huanzia ofisini, majina yanakochujwa. Mwaka jana alikatwa mwenzetu mmoja mwenye mazoea ya kuuliza maswali mstarini. Sababu hatukuambiwa, ingawa kila mtu alikuwa na yake.

Tusidhaniwe tunaomba hisani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Sanduku la maoni lenye kufuli iliyoota kutu halimsikilizi mtu.

Wapo walimu wanaosema tukipewa nafasi tutawapanda kichwani, tutadai wali kila siku. Basi niwakumbushe muhula uliopita. Bei ya maharage ilipanda, na mwalimu wa chakula akatuita stoo, mimi na kiranja wa chakula. Alitufungulia leja, akatuonyesha fedha iliyopo na magunia yaliyobaki, kisha akauliza: tupunguze mboga kila siku au tuache wali wa Jumatano? Tulirudi madarasani, tukaeleza hesabu kama tulivyoziona, kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono. Wali ukaondoka. Jumatano ya kwanza watu walinung'unika, nikiwemo mimi, lakini hakuna aliyesusa sahani. Waliojinyima wali ni hawa hawa wanaosemwa watadai wali.

Kwa hiyo ninachotaka si kikubwa. Hoja ya baraza ijibiwe kwa maandishi ndani ya wiki mbili, hata jibu likiwa "hapana", mradi sababu iandikwe. Mjumbe wetu aketi kwenye kikao kinachopanga fedha za chakula na maji. Na mgombea akikatwa, aelezwe kosa lake.

Kikao kijacho ni Ijumaa baada ya vipindi. Ajenda nimeshaiandika, na koki ndiyo ya kwanza. Pembeni nimeacha mistari mitatu ya jibu.