Maelezo kwa Mkutano wa Kijiji: Bima ya Mazao Inavyofanya Kazi

(Yamesomwa na Afisa Ugani wa Kata, Wilaya ya Kongwa, mwezi Oktoba, kabla ya msimu wa kilimo)

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Mtendaji, wazee wangu, mama zangu na ndugu wakulima wenzangu, mbukwenyi.

Nimeombwa nieleze bima ya mazao kwa muda usiozidi nusu saa, na ninaanza na hindi hili nililolishika. Naomba lipite mkononi kwa kila mmoja. Lina punje 17, nami nimelihesabu mara nyingi kuliko inavyostahili. Nililivuna kwenye shamba langu la ekari tatu, lile la mteremkoni juu ya barabara, katika msimu ambao mvua ilianza vizuri katikati ya Desemba, ikakatika mwishoni mwa Januari, na isirudi kwa siku 24. Siku hizo ndizo mahindi yalipokuwa yakitoa mbelewele na ndevu. Hindi likikosa maji wakati huo halishiki punje, hata mvua ikija baadaye ikanyesha usiku na mchana. Nilizoea kupata magunia 22 kwenye ekari hizo tatu, lakini mwaka ule nilipata magunia manne, na bado nilikuwa na deni la mbegu na mbolea. Niliuza mbuzi wawili, kisha nikauza na beberu.

Sikuwa na bima. Leo nitapiga hesabu mbele yenu kuonyesha kama ningekuwa nayo ningelipwa kiasi gani, na pale ambapo isingenisaidia nitasema pia. Viwango nitakavyotumia nimevichagua ili hesabu iwe nyepesi. Viwango halisi vitakuwa kwenye hati ya bima, na hivyo ndivyo vitakavyowafunga ninyi na kampuni.

Bima inayoletwa kijijini kwetu ni ya mavuno ya eneo. Naomba neno hilo, eneo, lisiwapite, kwa sababu malalamiko mengi ya bima ya mazao huanzia hapo. Kampuni haiwezi kumtuma mtu akague kila shamba la ekari mbili au tatu, kwani gharama ya safari zake ingezidi ada mnayolipa. Badala yake inachukua kata nzima kama shamba moja kubwa, inatafuta wastani wa mavuno ya miaka iliyopita, na kupanga kizingiti: kata ikivuna chini ya kiwango hicho, kila mwenye bima ndani ya kata analipwa; ikivuna juu yake, hakuna anayelipwa.

Tuseme wastani wa kata yetu ni kilo 750 za mahindi kwa ekari, yaani magunia saba na nusu ya kilo 100, na kizingiti kimewekwa kwenye asilimia 80 ya wastani huo. Asilimia 80 ya 750 ni kilo 600. Tuseme pia kwamba kila ekari imekatiwa bima ya shilingi 300,000, kiasi kinachokaribia gharama ya kulima, mbegu, mbolea na palizi, na ada yake ni asilimia 8. Kwa ekari moja ungelipa shilingi 24,000, na kwa ekari zangu tatu ningelipa shilingi 72,000. Fedha hizo zinatoka mfukoni kabla tone la kwanza halijaanguka, na ninajua uzito wake katika mwezi ambao bado mnatafuta mbegu.

Wakati wa mavuno ndipo wanapokuja wapimaji. Kamba hii niliyoitandaza hapa chini ya mti, yenye vigingi vinne, ina mita tano kwa kila upande. Wapimaji wanachagua mashamba kwa bahati nasibu, si kwa kuonyeshwa na mtu, wanatandaza mraba kama huu ndani ya shamba, wanavuna kila kilichomo, wanapukuchua, wanapima unyevu na uzito. Mraba huu ni mita za mraba 25, na ekari ina kama mita za mraba 4,047, kwa hiyo miraba ya namna hii 162 ndiyo inayojaza ekari moja. Ikiwa wastani wa miraba yote iliyopimwa katika kata ni kilo mbili na gramu 220, ukizidisha kwa 162 unapata karibu kilo 360 kwa ekari.

Hapo hesabu ya fidia ni fupi. Kizingiti ni kilo 600, kata imevuna kilo 360, pungufu ni kilo 240. Kilo 240 ni asilimia 40 ya kilo 600. Kwa hiyo kila ekari iliyokatiwa bima inalipwa asilimia 40 ya shilingi 300,000, ambazo ni shilingi 120,000. Mimi mwenye ekari tatu ningepokea shilingi 360,000. Ukitoa ada ya shilingi 72,000 niliyotanguliza, ningebaki na shilingi 288,000. Hazifikii thamani ya magunia 18 niliyoyakosa, hata kidogo. Zingetosha kupunguza deni na kununua mbegu ya msimu uliofuata bila kumgusa beberu.

Sasa nifike mahali ambapo wauzaji wengi hupita haraka. Shamba langu la mteremkoni lilitoa kilo 133 kwa ekari, chini sana ya wastani wa kata. Jirani yangu aliyelima bondeni, kwenye udongo mweusi wa mbuga unaotunza maji, alivuna magunia saba kwa ekari mwaka uleule. Kwa bima hii sisi wawili tungelipwa sawasawa, shilingi 120,000 kwa ekari, mimi niliyeumia na yeye aliyevuna. Inaweza pia kutokea kinyume chake, na hilo ndilo baya zaidi: shamba lako likaungua kwa jua kwenye kona moja ya kata, huku kata nzima ikivuna kilo 620, ukakosa hata senti moja. Mtu atakayewaambia kwamba bima hii italipa kila hasara ya kila shamba hajaielewa, au ameielewa na anataka ada yenu. Kwa maoni yangu, bado inafaa kwa janga linalotupiga wote kwa pamoja, kama ukame wa katikati ya msimu, kwa sababu ukame wa namna hiyo ndio unaotufanya tushindwe hata kukopeshana. Shamba la mmoja wetu likiharibika peke yake, jirani anaweza kumpa debe.

Kuna aina nyingine, inayopima mvua badala ya mavuno, ambayo hutumia vipimo vya vituo vya hali ya hewa au picha za setilaiti. Hiyo hulipa mapema zaidi, kwa kuwa haisubiri mavuno, lakini haioni panzi wala viwavijeshi. Hiyo siyo inayoletwa hapa msimu huu, na sitaichanganya na hii.

Mzee mmoja aliniuliza jana sokoni kama ada inarudi mvua ikinyesha vizuri. Hairudi. Ada si akiba. Ada ya wote wa mwaka mzuri, wa kata hii na wa wilaya nyingine, ndiyo inayolipa fidia za wale waliopatwa na ukame. Kwa sababu hiyohiyo dirisha la kujiandikisha hufungwa kabla ya kupanda. Kama watu wangeruhusiwa kusubiri hadi Februari waangalie mbingu, wangejiandikisha wale tu ambao mahindi yao yameshaanza kujikunja majani, na mfuko usingekuwa na cha kulipa.

Mambo mengine bima hii haiyahusu kabisa: bei kushuka sokoni, mahindi kuliwa na dumuzi ghalani, ng'ombe kuingia shambani, au mkulima kuacha palizi. Nao wenye mkopo wa pembejeo wajue kwamba mara nyingi fidia hupitia kwanza kwa aliyewakopesha, deni likakatwa, ndipo kinachobaki kiwafikie. Ulizeni jambo hilo kabla ya kutia dole gumba. Jueni pia kwamba fidia ya mavuno ya eneo huja baada ya kuvuna na kukokotoa, kwa hiyo haitawalisha mwezi Machi. Chakula cha njaa ya Machi kitatoka kwenye mtama mtakaoupanda, na mimi sitaacha kuusisitiza mtama kwa sababu bima imekuja.

Wenzetu wa Kenya walianza mpango wa serikali wa bima ya mavuno ya eneo mwaka 2016, kwa mahindi na ngano, wakianzia Bungoma, Embu na Nakuru, na serikali yao ikachangia nusu ya ada. Nalitaja hilo ili mjue kwamba jambo hili halikubuniwa kwa ajili ya kujaribiwa kwetu. Hata hapa Kongwa hatuna haja ya kufundishwa kwamba mvua haina mbabe: mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta kulima karanga, na kufikia mwaka 1951 walikuwa wameuacha mradi, udongo mgumu na ukame vikiwa miongoni mwa yaliyowashinda. Hao walikuwa na hazina ya serikali nyuma yao. Sisi tuna mbuzi.

Kuhusu usalama wa fedha zenu, msimpe mtu yeyote ada mkononi, hata akiwa ni mimi. Malipo yafanyike kwa namba ya kampuni itakayotangazwa kupitia AMCOS yetu, na kila mmoja apate risiti pamoja na hati yenye jina lake, idadi ya ekari, zao, kizingiti na kiasi kilichokatiwa bima. Kampuni na wakala wake lazima wawe na leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, na mna haki ya kuomba kuiona. Namba ya simu iandikishwe kwa jina la mkulima mwenyewe. Mama anayelima shamba lake asiandikwe kwa simu ya mumewe au ya mtoto aliyeko mjini, maana fidia itakwenda kule ilikoandikwa. Tajeni ekari mnazolima kweli. Mwenye tatu akiandika tano analipia tano, na akikaguliwa anaweza kukosa zote.

Upimaji wa mashamba kwa simu utaanza Jumatatu upande wa bondeni, na daftari la majina liko kwa Katibu wa AMCOS hadi tarehe 15 Novemba. Karatasi yenye hesabu niliyoipiga leo nitaibandika kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, ili kila mmoja airudie kwa ekari zake. Sasa napokea maswali, na kwa idhini ya Mwenyekiti naanza na akina mama waliokaa nyuma, kwa kuwa mkutano uliopita muda uliisha kabla hawajafikiwa.