Matokeo ya matangazo: nyumba za Goba na Madale, Septemba

Habari za kazi, dada. Tumetumia Sh 1,800,000. Meseji zimeingia 214, ila hizo usizihesabu, nyingi ni "bei?" halafu kimya.

Nimehesabu waliofika saiti wakiwa na bajeti na wameshasema hela inatoka wapi, taslimu au mkopo wa benki. Wako 18, yaani Sh 100,000 kwa kila mmoja. Ofa ni 4, sawa na Sh 450,000 kwa ofa.

Instagram ilikula 1,200,000 ikaleta wateja wa kweli 8 na ofa 1. Facebook, kwa 600,000 tu, imeleta 10 na ofa 3: Sh 200,000 kwa ofa. Kilichobeba ni ile video ya simu uliyoanza na hati mkononi, kisha bomba la maji likifunguliwa. Yule wa Madale alikuja na fundi wake, akafungua bomba lilelile kabla hata ya kusalimia.

Oktoba nahamishia 600,000 Facebook. Na bei iandikwe kwenye tangazo, tafadhali. "Njoo inbox" inatumalizia bando.