Mpango wa kazi ya usiku, Alhamisi kuamkia Ijumaa: tanuri la Langoni, Lamu

Tanuri ni letu kuanzia saa 4 usiku hadi saa 9. Saa 9 kamili mwenyewe anaingiza vitu vyake, kwa hiyo lazima liwe tupu na limefagiliwa.

Kazi ya leo: boflo 128, bani 192, keki za vikombe 96.

Mokowe: boflo 40, bani 48, keki 48. Boti inaondoka saa 11 alfajiri kuwahi abiria wa mabasi. Punda atoke hapa saa 10:20.
Maduka ya Langoni na Mkomani: boflo 30, bani 120. Zifike saa 11:30, watu wakitoka msikitini.
Pate, gati la Mtangawanda: boflo 40. Punda saa 11:20, boti saa 12 kamili.
Shela: boflo 18, bani 24, keki 48. Boti ya saa 12:45.

Nahodha wa Pate hana mchezo. Maji yanajaa karibu saa 12 na nusu, na anataka kupita mkondo wa Mkanda yakiwa bado yanapanda. Akichelewa itabidi asubiri maji mengine au azunguke nje ya kisiwa cha Manda, na hatafanya hivyo kwa ajili ya mikate yetu.

Kukanda. Madonge manne ya boflo, moja baada ya jingine: saa 2:00, 2:45, 3:30 na 4:15. Kila donge: unga kilo 9, maji lita 5, sukari gramu 200, mafuta 150, chumvi 150, hamira kavu 80. Kinyunya kimoja gramu 450. Maji yawe ya friji, maana joto la usiku huu linaumua unga kabla hujageuka. Donge la bani likandwe saa 5:00, na nusu ya pili ikatwe baadaye kidogo ili isipitilize kuumuka. Keki zichanganywe saa 7:45, si mapema.

Kuoka. Moto unashuka tu, haupandi tena: boflo nyuzi 200, bani 190, keki 170.

Boflo 1: ndani 4:15, nje 4:50
Boflo 2: 5:00 hadi 5:35
Boflo 3: 5:45 hadi 6:20
Boflo 4: 6:30 hadi 7:05
Bani 1: 7:20 hadi 7:35
Bani 2: 7:45 hadi 8:00
Keki: 8:15 hadi 8:37

Dakika zinazobaki hadi saa 9 ni akiba. Msizile kwa chai.

Kupoza. Hapa ndipo usiku unapokaza. Boflo itolewe kalibuni papo hapo ikitoka motoni, ikae kwenye kichanja cha waya saa 2 kamili kabla ya kuingia mfukoni. Ukiifunga ina mvuke, ganda linalegea, na kwa unyevu wa hapa inaweza kuota ukungu kabla duka halijaimaliza. Tabu ni kwamba vichanja vinabeba boflo 96 tu. Mkupuo wa nne unatoka 7:05, na wa kwanza unakuwa tayari kufungwa 6:50. Kuna robo saa ya kufunga 32 na kupisha nafasi. Kwa hiyo mfungaji awe amekaa kitako saa 6:45, mifuko imefunguliwa, karatasi za Mokowe zimeandikwa. Nafasi isipopatikana, mkupuo wa nne utabaki kwenye kalibu na kutoa jasho chini. Gusa kitako cha boflo kama hiyo utaona kinavyonata.

Bani zipoe mezani upande wa dirisha, dakika 45. Keki saa moja, yaani zifungwe 9:40.

Mokowe wapewe mkupuo wa kwanza wote na 8 za wa pili. Pate wachukue 24 zinazobaki za wa pili na 16 za wa tatu, katoni zifunikwe turubali kwa sababu ya rasharasha. Mkupuo wa nne ubaki mjini na Shela; kule hakuna safari ndefu.

Umeme ukikatika, tanuri ni la gesi na halina neno, ila mashine ya kukandia itasimama. Kandeni kwa mikono, wawili kwa donge. Mkichelewa zaidi ya dakika 20, acheni keki. Mkichelewa zaidi ya hapo, punguzeni bani za mkupuo wa pili na mwenye maduka ya Mkomani apigiwe simu kabla ya saa 10. Boflo za Pate haziguswi. Na keki zisipokuwa tayari saa 10:20, punda wa Mokowe aondoke bila hizo.