Daftari la Kikoba 2.4.0: nini kimebadilika

Imetoka 14 Novemba 2025, kwa simu za Android

Toleo hili linavifikia vikundi vingi vikijiandaa kuvunja kikoba mwezi Desemba. Kwa hiyo tumeanza na yale yanayogusa fedha na mamlaka ya viongozi. Mengine yako chini.

Someni haya kabla ya kusasisha

Kufuta muamala sasa kunahitaji viongozi watatu. Katika matoleo yaliyopita mweka hazina aliweza kufuta malipo peke yake, na aliyekuja kukagua baadaye hakuona chochote. Kuanzia sasa mwenyekiti, katibu na mweka hazina kila mmoja anaingiza namba yake ya siri, ama kwenye simu moja mkutanoni, ama kila mtu kwenye simu yake ndani ya saa 48. Muamala uliofutwa haupotei. Unabaki kwenye daftari umekatwa mstari, pamoja na majina ya waliokubali na sababu waliyoandika. Vikundi vyenye sanduku la kufuli tatu havitashangaa. Ambavyo vina viongozi wawili tu waliosajiliwa, ongezeni wa tatu kupitia Kikundi > Viongozi. Msipofanya hivyo, kitufe cha kufuta hakitafanya kazi.

Simu za Android 6 hazitapokea toleo hili. Ili kujua simu yako inatumia Android ipi, fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu. Kama ni 6 au chini yake, utaendelea na toleo 2.3 na kumbukumbu zako zitaendelea kutumwa hadi 31 Machi 2026. Baada ya hapo utaweza kuzisoma tu. Kama simu ya namna hiyo ndiyo ya mweka hazina, hamisheni daftari kwenda simu nyingine mapema, wala msisubiri siku ya mgao.

Tuliyorekebisha

*Tarehe ya marejesho ilirudi nyuma siku moja.* Hili ndilo lililoleta malalamiko mengi, na wanachama waliolalamika walikuwa na haki. Mkopo uliopaswa kurejeshwa tarehe 15 ulionekana kwenye ripoti kuwa wa tarehe 14, na mwanachama aliyelipa tarehe 15 asubuhi akaandikiwa faini ya kuchelewa. Chanzo ni saa. Seva inahifadhi muda kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa 3, kwa hiyo saa sita usiku wa kuamkia tarehe 15 kwetu ulihifadhiwa kama saa tatu usiku ya tarehe 14. Ripoti ikasoma tarehe hiyo bila kuirudisha kwenye saa zetu. Sasa tarehe ya mkopo inahifadhiwa kama tarehe tu, bila saa.

Faini zilizokwisha kutozwa hatukuzifuta wenyewe, kwa sababu fedha ni za kikundi na uamuzi ni wa kikundi. Mkifungua Mikopo > Faini za kukagua mtaona orodha ya faini zote zilizotokana na siku hiyo moja. Ipelekeni mkutanoni. Mkikubali kumrudishia mwanachama, bonyezeni Rudisha na fedha itahesabiwa upya kwenye akiba yake.

*Jumla ya mgao ilizidi fedha zilizomo sandukuni.* Tofauti ilikuwa shilingi chache tu, lakini shilingi chache zinatosha kuzua ugomvi siku ya kuvunja kikoba. Toleo la zamani lilipandisha malipo ya kila mwanachama hadi shilingi kamili, na zile senti zilizopandishwa zikijumlishwa, hesabu haikukubali. Sasa tunashusha thamani ya hisa moja hadi shilingi kamili, na kinachobaki kinaonyeshwa wazi. Tuseme kikundi kina shilingi 4,350,000 na hisa 312. Hisa moja inapata shilingi 13,942, wanachama wote wanagawana 4,349,904, na shilingi 96 zinabaki. Baki hilo linaingia mfuko wa jamii, isipokuwa mmechagua vinginevyo kwenye kanuni za kikundi. Mkigawa kwa fedha taslimu mtalazimika bado kukubaliana kuhusu chenji, maana sarafu ya shilingi moja haipatikani mkononi.

*Rejesho moja liliandikwa mara mbili.* Ilitokea pale mwanachama na mweka hazina walipobandika kila mmoja ujumbe uleule wa malipo ya simu. Sasa programu inaangalia namba ya muamala iliyo ndani ya ujumbe. Ikiwa imeshaandikwa, ujumbe wa pili unakataliwa na programu inakuonyesha aliyeuandika kwanza.

Mapya

Unaweza kuandika bila intaneti. Akiba, mikopo, faini na mahudhurio vyote vinaandikwa hata pasipo na mtandao au bando likiisha katikati ya mkutano. Kila kitu ambacho hakijatumwa kina alama ya saa ndogo pembeni, na alama hiyo inatoweka kikishafika. Watu wawili wakiandika mahudhurio ya mkutano mmoja kwa namna tofauti, programu haichagui upande wowote. Inamwonyesha katibu yote mawili ili yeye aamue.

Tahadhari: ukiiondoa programu kwenye simu wakati alama ya saa bado ipo, maandishi hayo yamepotea moja kwa moja. Hatuna nakala yake.

Ripoti ya mkutano inatoka kwa PDF. Ina ukurasa mmoja au kurasa mbili, na mahali pa sahihi pako chini. Ifungueni kupitia Mikutano > Ripoti, kisha ichapisheni au itumeni kwenye kundi la simu. Namba za simu za wanachama hazimo ndani ya ripoti, makusudi.

Orodha ya wanachama inafunguka haraka zaidi. Picha zinapakiwa kadiri unavyoshuka chini badala ya kuja zote kwa mpigo, na hilo linapunguza matumizi ya bando.

Bado hatujamaliza

Ripoti ya PDF inakata majina marefu sana kwenye safu ya kwanza. Jina kamili lipo kwenye daftari, kinachokatwa ni maandishi ya ripoti tu. Pia, kikundi chenye mizunguko miwili ya hisa kwa wakati mmoja kinapaswa kuendelea kugawana mzunguko mmoja mmoja.

Kwa wanaofuatilia msimbo

Maelezo yote hapo juu yametokana na historia hii:

```
9f3c1ab (tag: v2.4.0) chore: bump version to 2.4.0
e07d52c fix: round share value down, show remainder
41b8e9d fix: reject repayment with known transaction ID
b95f8c2 fix: loan due date off by one day (UTC vs EAT)
c6a2f70 feat: queue entries offline, sync on reconnect
7d1e034 feat: export meeting report to PDF
2ea4417 perf: lazy-load member photos
d83c6b1 refactor: split ledger module
05fa9e3 feat!: require 3 signatories to reverse entry
a1c7d48 chore!: drop support for Android 6
```

Mstari wa `d83c6b1` haukuelezwa kwa watumiaji kwa sababu ni kupanga upya msimbo wa ndani. Hakuna kitakachoonekana tofauti kwenye skrini. Kama kuna kitu kwenye daftari lenu kimebadilika na hakimo kwenye maelezo haya, tutumieni picha ya skrini kupitia Mipangilio > Msaada, na mtaje tarehe ya mkutano husika. Fichani kwanza majina na namba za wanachama.