Hati ya Makabidhiano: Stoo ya Vipuri, Karakana ya Matengenezo

Kwa: Mtunza stoo anayepokea
Nakala: Msimamizi wa matengenezo, mhasibu

Ndugu,

Hesabu zilizomo humu ni za mkono. Zilifanyika tarehe 28 na 29 Oktoba, utoaji ukiwa umefungwa. Pale ambapo rafu na kadi ya bini havikulingana nimeandika namba zote mbili. Unachopokea ni kilichomo rafuni. Tofauti hizo ziko kwenye hati ya marekebisho Na. 31, ambayo mhasibu bado hajaisaini. Usirekebishe kadi yoyote kwa tofauti hizo kabla ya saini hiyo, la sivyo upungufu wa zamani utaonekana umetokea mikononi mwako.

RAFU A: BERINGI

6205-2RS: 24
6305-2RS: 11 (kadi 14)
6206-2RS: 17 (kadi 14)
6308 ya kawaida: 4
6308 C3: 6
22212 EK: 2
Bushi ya kukazia H312: 1

Tazama mstari wa pili na wa tatu. Upungufu wa 3 na ziada ya 3 ni kosa moja: zilitoka 6305, zikaandikwa kwenye kadi ya 6206. Beringi hizi mbili zina kipenyo cha nje kilekile, mm 62, na upana unapishana kwa mm 1 tu (17 na 16). Kinachozitenganisha ni shimo: 6305 ni mm 25, 6206 ni mm 30. Fundi akileta beringi kuukuu iliyofutika namba, pima shimo kwanza kwa venia, kisha kipenyo cha nje, ndipo uandike. Ukipima nje peke yake utarudia kosa hili. Nimezihamisha: 6206 sasa ziko ngazi ya chini, mbali na 6305.

6308 C3 ni za mota za umeme. Zimeachiwa nafasi kubwa zaidi ya ndani, kwa kuwa shafti ikipata joto pete ya ndani hutanuka. Ukitoa ya kawaida kwa mota yenye joto kali, nafasi hiyo hubanwa, beringi huanza kulia na hatimaye hukwama. Baadhi ya maboksi yamechanika na kubadilishana, kwa hiyo soma maandishi yaliyochongwa kwenye pete, usiamini boksi.

22212 EK zinaonekana mbili, lakini kwa kazi hesabu moja. Shimo lake ni la mteremko na haikai kwenye shafti bila H312, nayo iko moja tu.

RAFU B: MIKANDA NA FILTA

Mikanda B-56: 11, yaani seti 3 za mitatu mitatu zilizofungwa kwa kamba, na 2 isiyo na seti. Puli ya feni inachukua mitatu. Mafundi huomba mmoja ulipokatika mmoja, usikubali. Mkanda mpya kati ya miwili iliyolegea hubeba mzigo wote peke yake na hukatika mapema. Hiyo 2 ni ya mashine yenye puli ya mkanda mmoja tu.

Filta za hidroliki: 3. Hili ni la haraka kuliko yote, nimelieleza kwenye oda.

RAFU C: FITINGI

Kikapu C4 kina fitingi za nusu inchi, jumla 43: BSP 26, NPT 9, na 8 ambazo hazijatenganishwa. Zote zina nyuzi 14 kwa inchi, ndiyo maana moja huingia kwenye nyingine mizunguko kadhaa na kuonekana imekaa. Pembe ya nyuzi ndiyo tofauti: BSP ni digrii 55, NPT ni 60. Matokeo yake ni uvujaji ambao tepu haiuzibi, na anayekaza zaidi hupasua fitingi. Robo tatu inchi ina mtego huohuo. Geji ya nyuzi iko droo ya kwanza ya meza. Zile 8 zisitoke kabla ya kupimwa.

RAFU D NA NJE

Gasketi: karatasi 14, zimehamishiwa ngazi ya kati kwa sababu bati la juu linavuja mvua ikija na upepo. Ombi la kuziba lipo kwa msimamizi.

Oili ya hidroliki 46: mapipa 2 yaliyofungwa, na 1 lililofunguliwa lenye takribani lita 80. Oili 68: pipa 1. Yaliyo nje yalazwe ubavu, vizibo viwili vikiwa kwenye usawa mmoja wa mlalo, oili ikiwa imevifunika kwa ndani. Pipa likisimama, maji hutuama juu ya kizibo, na usiku chuma kikipoa pipa huvuta hewa pamoja na maji hayo.

Grisi ya lithiamu: katriji 18. Grisi ya poliurea: katriji 7. Zote ni za buluu. Zisichanganywe kwenye bomba moja la grisi, kwani zinaweza kulainika na kuvuja kwenye beringi. Bomba lenye utepe mwekundu ni la poliurea.

Elektrodi E7018 mm 3.2: paketi 6 zilizofungwa, 1 iliyofunguliwa. Oveni ya kuzitunzia ni mbovu: imewekwa 120 lakini kipimajoto cha pembeni kinasoma 90. Elektrodi hizi hunyonya unyevu, na unyevu huingiza haidrojeni kwenye weldi na kuleta nyufa. Mpaka oveni itengenezwe, elektrodi za paketi iliyofunguliwa zisitoke kwa kazi yoyote inayobeba mzigo. E6013: paketi 9, hazina shida.

ODA ZILIZO WAZI

Na. 0418: 22212 EK 4 na H312 4. Msambazaji alileta 22212 E, bila K, yenye shimo lililonyooka, na hakuleta bushi. Zimekataliwa, ziko rafu ya kusubiri zikiwa na lebo nyekundu. Hati ya kurudisha imesainiwa na dereva wake. Usizipokee kwenye leja. Mbadala umeahidiwa tarehe 12 Novemba.

Na. 0423: mikanda B-56, 12. Imepokelewa 6, ambayo tayari imo kwenye ile 11. Ankara imeandikwa 12. Mhasibu ameambiwa kwa mdomo tu, hivyo mpelekee nakala ya hati ya mapokezi.

Na. 0427: filta za hidroliki 10. Bado ni ombi, halijaidhinishwa. Matumizi ni 2 kwa mwezi, zilizopo zitamalizika katika wiki 6, na msambazaji huchukua wiki 5 hadi 6. Kila siku ombi linapokaa mezani, nafasi ya mashine kusimama inaongezeka. Lifuatilie kesho asubuhi, kabla ya lingine lolote.

VILIVYOAZIMWA NA ZAMU YA USIKU

Spana ya toki iko kwa fundi umeme, pula ya meno 3 iko karakana ya pampu. Zote zimesainiwa kwenye daftari. Msimamizi wa zamu ya usiku ana ufunguo mmoja. Vikaratasi vyake hutumbukizwa kwenye sanduku la mlangoni. Viandike kwenye kadi kabla ya kutoa kitu cha kwanza asubuhi. Vitatu vya wiki hii havina namba ya mashine na nimevibana nyuma ya daftari. Vimrudie yeye avikamilishe, usikisie.

Funguo: seti 3. Moja ni yako, moja ya usiku, moja ipo kwenye bahasha iliyofungwa kwa msimamizi.

Nipo hadi tarehe 31 saa kumi jioni. Tuhesabu pamoja rafu A na kikapu C4 kabla hujasaini. Kwingine unaweza kuchagua bini chache tu za kujaribia.

Mtunza stoo anayeondoka
30 Oktoba