Baiolojia ya Afya, Karatasi ya 2: Malaria na Njia za Maambukizi, pamoja na Mwongozo wa Kusahihisha

MAELEKEZO KWA MTAHINIWA

Muda: saa 2. Jibu maswali yote manne. Jumla ni alama 60, na alama za kila kipengele zimeoneshwa kwenye mabano. Swali likisema "eleza", orodha haitoshi: sema kimelea kiko wapi, kiko katika umbo gani, na nini kinakizuia.

SWALI LA 1 (alama 20)

Saa 7 usiku, mbu jike wa jenasi ya Anopheles aliyebeba vimelea vya Plasmodium falciparum anamuuma mtu mwenye afya njema.

(a) Taja umbo la kimelea linaloingia mwilini, kiungo cha mbu linakotoka, na kiungo cha mtu linakoelekea. (3)

(b) Kwa nini mbu dume hawezi kueneza malaria? (2)

(c) Kwa siku kadhaa mtu huyu anaendelea na shughuli zake bila homa. Eleza kinachotokea mwilini mwake katika siku hizo, kisha eleza kinachobadilika siku homa inapoanza. (5)

(d) Wiki tatu baadaye, kabla hajapata matibabu, anaumwa na mbu mwingine asiye na vimelea. Fuatilia kimelea tangu kinaponyonywa hadi mbu huyu wa pili anapoweza kumwambukiza mtu. (6)

(e) Mbu huyu wa pili akifa siku ya sita baada ya kunyonya damu hiyo, hatamwambukiza mtu yeyote. Eleza kwa nini, kisha eleza jinsi joto la mazingira linavyohusika. (4)

SWALI LA 2 (alama 16)

(a) Jumatatu saa 9 alasiri mgonjwa anashikwa na baridi kali, meno yanagongana ingawa amejifunika blanketi mbili. Baadaye joto la mwili linafika nyuzi 40 za Selsiasi, kisha anatoka jasho jingi na kulala. Jumanne anakaa, anazungumza, hata anaomba chakula. Jumatano saa 9 alasiri hali ileile inarudi.

(i) Ni tukio gani ndani ya damu linaloleta baridi na homa hiyo? (2)
(ii) Taja spishi mbili za Plasmodium ambazo huleta mpangilio huu waziwazi, na ueleze kwa nini daktari hawezi kuiondoa P. falciparum kwenye orodha yake kwa sababu tu homa ya mgonjwa fulani haina mpangilio. (3)

(b) Msafiri alitibiwa malaria ya P. vivax, akapona, akahamia mahali pasipo na mbu wa malaria. Miezi mitano baadaye anaugua tena. Eleza. (3)

(c) Mtaalamu wa maabara anahesabu vimelea 120 kwa kila chembe nyeupe 200 za damu. Ukichukulia kwamba kuna chembe nyeupe 8000 katika kila mikrolita ya damu, kokotoa idadi ya vimelea kwa mikrolita. Onesha njia. (3)

(d) Mtoto alikuwa na malaria ya P. falciparum, akamaliza dawa mseto. Wiki mbili baadaye hana homa, na hadubini haioneshi vimelea, lakini kipimo cha haraka kinachotambua protini ya kimelea bado kinasoma chanya. Je, apewe dozi nyingine? Toa sababu. (3)

(e) Kwa nini P. falciparum huweza kuathiri ubongo? (2)

SWALI LA 3 (alama 12)

(a) Kwa kila njia hapa chini, taja hatua ya mzunguko inayokatwa na udhaifu mmoja wa njia hiyo. (8)
(i) Kulala ndani ya chandarua chenye dawa
(ii) Kupulizia dawa ya ukoko kwenye kuta za ndani
(iii) Kufukia madimbwi
(iv) Kumpa mgonjwa wa P. falciparum dozi moja ndogo ya primakwini pamoja na dawa mseto

(b) Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya RTS,S kwa watoto mwaka 2021, na ya R21 mwaka 2023. Chanjo hizi zinaulenga umbo gani la kimelea? Kwa nini mtoto aliyechanjwa aendelee kulala ndani ya chandarua? (4)

SWALI LA 4 (alama 12)

(a) Mwaka 1854 daktari John Snow alichunguza mlipuko wa kipindupindu katika eneo la Soho, London. Vifo vingi vilizunguka pampu moja ya maji, lakini wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa karibu hawakuguswa sana. Wakati huo wengi waliamini kwamba ugonjwa huo unaletwa na hewa chafu. Eleza jinsi taarifa za wafanyakazi hao zinavyopinga imani hiyo. (4)

(b) Mtu ametibiwa kichocho kwa prazikwanteli na amepona kabisa. Anarudi kuoga ziwani palepale, anaugua tena. Eleza kwa nini, na utaje sehemu mbili tofauti ambapo mzunguko ungeweza kukatwa. (4)

(c) Majirani wako wote wakichanjwa surua, wewe usiyechanjwa unapata kinga fulani. Wakichanjwa pepopunda, hupati kinga yoyote. Eleza tofauti. (4)

MWONGOZO WA KUSAHIHISHA

Kwa wasahihishaji wote. Karatasi hii imetungwa kumpima mtahiniwa anayeweza kukifuata kimelea kutoka mwili hadi mwili. Anayeandika "tumia chandarua, fyeka majani, safisha mazingira" kwa kila swali la kinga amekariri bango. Asipewe alama mpaka aseme njia hiyo inakata wapi. Tahajia ya majina ya maumbo isimnyime mtu alama ikiwa jina linatambulika.

1(a) Sporozoiti (1), tezi za mate za mbu (1), ini (1). Akiandika "damu" badala ya ini, asipewe alama ya tatu. Damu ni njia tu, na safari hiyo huisha ndani ya muda mfupi, mara nyingi chini ya saa moja.

1(b) Dume hanyonyi damu, hula majimaji matamu ya mimea (1), hivyo hachukui wala hapandikizi vimelea (1). Jike huhitaji damu ili mayai yake yakomae. Hilo lisipotajwa, asikatwe.

1(c) Sporozoiti huingia kwenye seli za ini (1), hugawanyika bila jinsia na kuunda skizonti yenye maelfu ya merozoiti (1). Hatua hii huchukua takribani siku 6 hadi 7 kwa P. falciparum na haina dalili (1). Seli ya ini hupasuka, merozoiti huingia kwenye chembe nyekundu za damu (1), huzaliana humo na kuzipasua kwa mzunguko unaojirudia, na homa huja na kupasuka huko (1). Wengi huandika kwamba homa inaletwa na sumu ya mbu. Jibu hilo ni sifuri, hata likiwa na mchoro mzuri.

1(d) Mpangilio ndio unaopimwa hapa; hatua iliyo sahihi ikiwekwa mahali pasipo pake haipewi alama. Mbu hunyonya gametositi dume na jike (1). Tumboni mwa mbu hukomaa na kuwa gameti, ambazo huungana na kuunda zaigoti (1). Zaigoti hurefuka na kuwa ookineti inayotembea na kupenya ukuta wa utumbo (1). Nje ya ukuta huo huunda oosisti (1). Oosisti hukua na kupasuka, ikitoa sporozoiti nyingi (1), nazo husafiri hadi tezi za mate (1). Mtahiniwa anayesema merozoiti huambukiza mbu hajaelewa kwa nini gametositi zipo. Umbo lisilo la jinsia likinyonywa humeng'enywa tu pamoja na damu.

1(e) Ukuaji ndani ya mbu huchukua takribani siku 10 au zaidi (1), kwa hiyo siku ya sita sporozoiti bado hazijafika kwenye tezi za mate (1). Joto likiwa zuri ukuaji huenda haraka, baridi huuchelewesha (1). Chini ya nyuzi 20 hivi, P. falciparum hushindwa kumaliza ukuaji wake ndani ya mbu (1). Hapa ndipo panapoonekana nguvu ya dawa zinazoua mbu wazima: hata zikimpunguzia mbu siku chache tu za kuishi, maambukizi hushuka sana. Mtahiniwa akilifikia wazo hilo mwenyewe na akakosa alama mahali pengine katika kipengele hiki, mfidieni alama moja.

2(a)(i) Kupasuka kwa chembe nyekundu nyingi kwa wakati mmoja (1), kunakomwaga merozoiti na mabaki yao kwenye damu (1). (ii) P. vivax na P. ovale (2). P. falciparum nayo ina mzunguko wa takribani saa 48, lakini vizazi vyake mara nyingi havipasuki pamoja, hivyo homa huweza kuwa ya ovyo au ya mfululizo (1). P. malariae ikatwe: mzunguko wake ni saa 72.

2(b) Hipnozoiti, umbo linalolala ndani ya ini (1). Dawa iliyotolewa iliua vimelea vya damu tu (1). Waliolala wakaamka na kuvamia damu tena bila mbu mpya (1).

2(c) 120 × 8000 ÷ 200 = 4800 kwa mikrolita. Njia 2, jibu 1.

2(d) Hapana (1). Protini hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa (1); hadubini huonesha vimelea vyenyewe, na hakuna (1). "Apewe kwa usalama" haipati alama yoyote.

2(e) Chembe zenye vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu (1), zikazuia damu kupita, hata kwenye ubongo (1).

3(a) Alama 1 kwa hatua, 1 kwa udhaifu. Chandarua hukata mgusano wa mbu na mtu pande zote mbili, kuingiza sporozoiti na kunyonya gametositi. Hakimlindi anayeumwa kabla ya kulala. Dawa ya ukoko huua mbu anayepumzika ukutani baada ya kunyonya, kabla oosisti hazijakomaa. Mbu apumzikaye nje huponyoka. Kufukia hukata viluwiluwi na pupa. Hushindikana pale madimbwi ni mengi na ya muda. Primakwini huua gametositi zilizokomaa, hivyo humlinda mtu wa pili; haizuii mgonjwa kuumwa na kuambukizwa upya.

3(b) Sporozoiti, kabla na wakati wa kuingia kwenye ini (2). Kinga si kamili na hupungua kadiri muda unavyopita (1). Sporozoiti chache zikipita zinatosha kuanzisha ugonjwa (1).

4(a) Wafanyakazi walivuta hewa ileile (1) lakini walikunywa bia na maji ya kisima chao (2). Kwa hiyo kilichotofautiana ni kinywaji (1).

4(b) Dawa huua minyoo iliyokomaa, haizuii maambukizi mapya (1). Ziwani konokono bado wanatoa serkaria zinazopenya ngozi (1). Vyoo vinavyozuia mayai kufika majini (1). Kudhibiti konokono, au kuepuka kugusa maji hayo (1).

4(c) Surua hutoka mtu hadi mtu kwa hewa (1), hivyo waliochanjwa hukata mnyororo kabla haujakufikia (1). Bakteria wa pepopunda hukaa kama spora kwenye udongo (1) na huingia kwa jeraha lako mwenyewe. Jirani hahusiki (1).